Lita Zilizozidi: Tulivyolisoma Daftari la Mafuta ya Jenereta la Kituo Chetu cha Afya

Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee



Kamati ya Fedha imepewa nafasi ya kueleza jambo moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu tangu katikati ya mwaka: dizeli ya jenereta la kituo cha afya. Maneno yamekuwa mengi. Wapo waliosema mafuta yanaibwa, wapo waliosema jenereta limechoka, na wapo waliotaka tuache kabisa kulinunulia mafuta. Fedha ni zenu, na jina la mtu mmoja wa kijijini kwetu limeshikwashikwa katika maneno hayo. Kwa hiyo tumeona tusisome mapato na matumizi tu. Tutawaeleza hesabu yenyewe, hatua kwa hatua, ili kila mtu aione kwa macho yake.

Kwanza, jenereta lenyewe. Ni la dizeli, la kVA 20. Umeme wa TANESCO unapokatika, linawasha taa za wodi ya wazazi, friji ya chanjo, maabara, na chumba cha upasuaji. Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na chumba cha upasuaji hakiwezi kungoja umeme urudi. Chama chetu ndicho kinacholipia dizeli hiyo.

Swali la kwanza ambalo mtu wa hesabu hujiuliza si "tumetumia lita ngapi?" Hujiuliza "tulitarajia kutumia lita ngapi?" Lita 200 kwa mwezi zinaweza kuwa nyingi mno au zikawa chache, kutegemea jenereta limewaka saa ngapi na limebeba mzigo gani. Jenereta la ukubwa huu likibeba mzigo wake wote hunywa karibu lita 5 kwa saa. Likibeba nusu, hunywa lita mbili na nusu hadi tatu. Likibeba robo, hukaribia lita mbili. Halishuki hadi sifuri hata kama hakuna taa iliyowashwa, kwa sababu injini yenyewe inahitaji mafuta ili izunguke.

Sisi hatukutaka kutegemea makadirio ya jumla. Desemba iliyopita, siku jenereta lilipofanyiwa sevisi, tuliomba lipimwe palepale. Tenki lilijazwa hadi kwenye alama. Jenereta likawashwa kwa saa 4 likiwa limebeba mzigo wa kawaida wa kituo, kisha tenki likajazwa tena hadi alama ileile kwa chombo cha kupimia. Zikaingia lita 10. Maana yake ni lita 2.5 kwa saa. Siku hiyohiyo mita ya saa iliyo kwenye jenereta ililinganishwa na saa ya mkononi, na zikaenda sawa. Hiyo 2.5 ndiyo tuliyoiweka kuwa kipimo chetu.

Tunataka mtambue kwa nini tulipima badala ya kuchukua wastani wa miezi iliyopita. Kama mafuta yalikuwa yakipotea kidogo kidogo tangu zamani, upotevu huo ungekuwa umo ndani ya wastani, na sisi tungeuita matumizi ya kawaida. Kipimo kinachotokana na daftari hakiwezi kulikagua daftari hilohilo. Lazima kitoke kwenye injini yenyewe, mbele ya watu, kwa chombo kinachojulikana ujazo wake.

Jambo la pili ni jinsi ya kujua mafuta yaliyotumika. Risiti za kituo cha mafuta hazisemi yaliyotumika, zinasema yaliyonunuliwa. Ukijaza tenki tarehe 30, mwezi huo utaonekana una ulaji mkubwa bure, na mwezi unaofuata utaonekana mdogo. Hesabu sahihi ni hii: mafuta yaliyokuwemo mwanzo wa mwezi, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyobaki mwisho wa mwezi. Tenki letu lina umbo la sanduku, urefu sentimita 100 na upana sentimita 50, hivyo kila sentimita moja ya kina ni lita 5. Kuna kijiti cha kupimia kilichochorwa sentimita na nusu sentimita. Unakichovya, unakitoa, unasoma mahali palipolowa. Anayesoma anaweza kukosea nusu sentimita, yaani lita mbili na nusu, mwanzo wa mwezi na vilevile mwisho wake. Kwa sababu hiyo tofauti ya lita 4 au 5 kwa mwezi hatuihoji. Ndiyo macho ya binadamu na kijiti.

Kuanzia Januari, kila mwezi tuliliongeza daftari safu mbili: lita zinazotarajiwa, yaani saa zilizosomwa kwenye mita mara 2.5, na lita zilizozidi. Tulikubaliana kwamba zikizidi asilimia 15 ya zinazotarajiwa, mwezi huo unawekewa alama nyekundu na kuulizwa. Haya ndiyo tuliyoyapata katika miezi sita ya mwanzo:

| Mwezi | Saa za kuwaka | Lita zilizotoka | Lita zilizotarajiwa | Zilizozidi | Lita kwa saa |
|---|---|---|---|---|---|
| Januari | 40 | 104 | 100 | 4 | 2.6 |
| Februari | 36 | 92 | 90 | 2 | 2.6 |
| Machi | 60 | 214 | 150 | 64 | 3.6 |
| Aprili | 72 | 243 | 180 | 63 | 3.4 |
| Mei | 44 | 194 | 110 | 84 | 4.4 |
| Juni | 22 | 119 | 55 | 64 | 5.4 |

Januari na Februari hazina neno. Machi ikaingia nyekundu, ikafuatiwa na mitatu mingine. Kwa miezi minne zilizidi lita 275. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 825,000.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Fundi mmoja aliyeitwa alisikiliza jenereta, akasema injini imekwisha na inahitaji kufunguliwa yote, akataja shilingi 3,500,000. Baadhi ya wanachama walipiga simu wakisema mlinzi wa usiku ndiye mwenye ufunguo wa banda la jenereta, hivyo hakuna haja ya kuuliza zaidi, aondolewe. Wengine wakasema anayeleta mafuta kutoka mjini anapunguza njiani. Akapatikana na mmoja aliyesema ni jua, dizeli inavukiza.

La mwisho tulimalize kwanza. Petroli huvukiza upesi. Dizeli huvukiza kidogo sana, na katika tenki lililofunikwa huwezi kupoteza lita 60 kwa mwezi kwa sababu ya jua. Joto huongeza ujazo wa dizeli na baridi huupunguza, lakini kwa lita 200 tofauti ya nyuzi 10 haifiki lita 2. Jua tukalitoa katika orodha.

Sasa, wanakwetu, tunaomba muitazame ile safu ya lita zilizozidi, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa pale. Hatutazami ukubwa wake tu. Tunatazama inakwenda pamoja na nini.

Kama tatizo lingekuwa injini, mafuta yangezidi kwa kila saa injini inapowaka. Filta ya hewa iliyoziba, nozeli zilizochoka, au mzigo mpya uliounganishwa kituoni, vyote hivyo hula mafuta pale tu jenereta linapofanya kazi. Kwa hiyo mwezi wenye saa nyingi ungekuwa na ziada kubwa, na mwezi wenye saa chache ungekuwa na ziada ndogo. Lita kwa saa zingepanda, kisha zikabaki karibu palepale kila mwezi. Linganisheni Aprili na Juni. Aprili jenereta liliwaka saa 72, Juni saa 22, yaani chini ya theluthi. Lakini ziada ya Aprili ni lita 63 na ya Juni ni lita 64. Injini mbovu haiwezi kufanya hivyo. Isitoshe, lita 5.4 kwa saa za mwezi Juni zinapita hata kiwango cha jenereta hili likiwa limebeba mzigo wake wote, na kituo chetu hakijawahi kulibebesha mzigo wote. Na injini inayochoma dizeli mara mbili ya kawaida ingetoa moshi mweusi ambao kila mtu pale kituoni angeuona. Moshi haukuwapo. Kwa hiyo zile shilingi 3,500,000 hatukuzilipa. Tuliagiza filta ya hewa ibadilishwe tu, kwa kuwa wakati wake ulikuwa umefika.

Kama tatizo lingekuwa mafuta kupunguzwa njiani, ziada ingefuata safari za kuleta mafuta. Mwezi wa kuletewa mara tatu ungekuwa na ziada mara tatu ya mwezi wa kuletewa mara moja. Aprili mafuta yaliletwa mara tatu, Juni mara moja, na ziada ni ileile. Tulithibitisha pia kwa kijiti: lita 100 zinapaswa kupandisha usomaji kwa sentimita 20. Mafuta yalipoletwa Julai, kijiti kilichovywa kabla na baada, kikapanda sentimita 20 kamili. Safari iliyofuata kikapanda 19 na nusu, ambayo ni ndani ya kosa la macho. Mleta mafuta tukamwondolea lawama.

Mita ya saa nayo ilikuwa lazima iulizwe. Mita ikikwama, jenereta huendelea kuwaka na kunywa wakati saa hazihesabiki, na lita kwa saa hupanda bila mtu yeyote kufanya kosa. Tuliilinganisha na daftari la muuguzi wa zamu, ambamo huandikwa umeme umekatika saa ngapi na kurudi saa ngapi. Kwa Mei na Juni vitabu viwili hivyo vilipishana kwa dakika chache tu. Mita ni nzima.

Kilichobaki ni kitu kinachotoa mafuta bila kujali jenereta limewaka au halikuwaka, kiasi cha lita 60 hadi 80 kila mwezi, na kilichoanza Machi. Vitu vya namna hiyo ni viwili: tenki linavuja, au kuna mkono unaoyachota. Kuvuja huacha alama. Sakafu ya banda ni ya saruji, na dizeli ikidondoka juu ya saruji huacha doa jeusi lenye harufu ambalo halifichiki. Sakafu ilikuwa kavu, na maungio ya mipira yalikuwa makavu. Basi ni mkono.

Hapa tunaomba tuseme jambo kwa uwazi, kwa sababu ndipo wengi walipotaka tusimame. Hesabu ilikuwa imetufikisha kwenye mkono, lakini haikuwa imetaja mkono wa nani, wala uliyapeleka wapi. Ziada katika daftari ni mafuta ambayo hayajaelezwa. Kuyaita mafuta yaliyoibwa ni hatua nyingine kabisa, na hatua hiyo inahitaji ushahidi wake wenyewe. Mlinzi anayetajwa ana familia, na kazi ile ndiyo anayoitegemea. Kumwondoa kwa sababu tu ufunguo uko kwake, hesabu isingeturuhusu.

Kwa hiyo tulibadilisha urefu wa kipindi cha kupima. Kipimo cha mwezi kinaonyesha kwamba mafuta yametoka. Hakionyeshi siku gani. Kuanzia tarehe 1 Julai, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, tuliomba kijiti kichovywe mara mbili kila siku, saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, na mita ya saa isomwe pamoja nacho. Muuguzi wa zamu na mlinzi wasome pamoja na wote wawili waweke sahihi. Karatasi ya kuandikia tuliichora sisi, yenye safu ya tarehe, sentimita, mita ya saa, sahihi mbili, na mwisho safu pana ya maoni. Hatukuificha kwa mtu yeyote. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeshika kijiti.

Usiku wa tarehe 9 Julai umeme haukukatika. Mita ya saa ilisomeka namba ileile jioni na asubuhi. Lakini kijiti kilishuka kutoka sentimita 21 hadi 17. Sentimita 4, yaani lita 20, yaani dumu moja. Na katika safu ya maoni, kwa mwandiko wa muuguzi wa zamu, kulikuwa na maneno haya: "Dumu 1, gari la wagonjwa. Rufaa, mama mjamzito."

Katika wiki nne kijiti kilishuka hivyo mara tatu bila jenereta kuwaka. Mara zote tatu ni sentimita 4, na mara zote tatu maoni yameandikwa.

Tulikwenda kwenye rejista ya rufaa. Tangu Machi hadi mwisho wa Juni, gari la wagonjwa lilitoka usiku mara 13 kupeleka wagonjwa hospitali ya wilaya: mara tatu Machi, mara tatu Aprili, mara nne Mei, mara tatu Juni. Lita 20 mara 13 ni lita 260. Ziada yote ilikuwa lita 275. Zinabaki lita 15 kwa miezi minne, chini ya lita 4 kwa mwezi, sawa na Januari na Februari. Mei, uliokuwa na ziada kubwa kuliko miezi mingine, ndio mwezi wenye safari nne. Na dumu moja kwa safari lina mantiki yake: kwenda hospitali na kurudi ni kama kilomita 140, na gari kama lile hunywa kati ya lita 12 na 14 kwa kilomita 100. Hesabu ikafunga.

Kwa nini ianze Machi? Kabla ya hapo gari lilijaza mafuta kwa mkopo katika kituo cha mafuta kilicho barabarani, hata usiku. Deni lilipokaa bila kulipwa, mkopo ukasimamishwa. Mchana ofisi ilitafuta fedha taslimu. Usiku wa manane hapakuwa na fedha wala mtu wa kumwamsha, na mgonjwa hangoji. Tabibu wa zamu akaagiza, mlinzi akafungua banda, mafuta yakavutwa kwa mpira. Tulipomuuliza mlinzi kwa nini hakuwahi kuandika, alijibu: "Wazee wangu, ningeandika wapi? Daftari lile lina safu za jenereta tu." Ni kweli. Daftari lililokuja na jenereta halina mahali pa kuandika lita iliyokwenda kwingine. Karatasi ya Julai ilipompa muuguzi safu ya maoni, usiku wa kwanza tu jibu likaandikwa bila mtu kushurutishwa.

Wapo watakaosema: basi yamekwisha, mafuta yaliokoa akina mama, tufunge kitabu. Kamati haikubaliani. Tarehe 17 Juni, kwa mujibu wa daftari la mapokezi ya mafuta, kijiti kilisomeka sentimita 2 kabla ya mafuta mapya kuletwa. Ni lita 10. Lakini bomba linalofyonza mafuta ndani ya tenki haliko chini kabisa. Limeachwa juu ya sakafu ya tenki kwa sentimita moja ili lisivute uchafu na maji yaliyotuama. Kwa hiyo zilizokuwa zikitumika ni lita 5 tu, yaani saa 2 za umeme. Daftari la kituo, lililohesabu saa za jenereta peke yake, liliamini zipo za kutosha kwa zaidi ya siku nzima. Lau umeme ungekatika usiku uliotangulia wakati mama yuko mezani, jenereta lingezimika katikati ya upasuaji. Tena injini ya dizeli ikiishiwa mafuta huvuta hewa ndani ya mabomba, na hata ukileta dumu jipya haliwaki mpaka hewa itolewe. Usiku ule fundi angekuwa wapi?

Kwa hiyo lita 20 zilizomwokoa mama mmoja barabarani zilikuwa zimemwondolea kinga mama mwingine wodini, na hakuna aliyejua, kwa sababu hazikuandikwa. Daftari si la kumkamata mwizi peke yake. Anayeagiza mafuta mapya huamini kilichoandikwa humo.

Yaliyofanyika tangu Agosti ni haya. Mafuta ya gari la wagonjwa yamewekwa kando katika madumu manne ya lita 20 yaliyofungiwa kwenye banda lake, yenye daftari lake. Kila dumu likitoka huandikwa namba ya rufaa na kilomita za gari, kutoka na kurudi. Kwenye kijiti cha jenereta imepakwa rangi nyekundu hadi sentimita 12. Mafuta yakifika hapo, zimebaki lita 60, na bila kungoja mwisho wa mwezi mganga mfawidhi anaagiza. Kuchovya kijiti asubuhi na jioni kumeendelea, kwa sahihi mbili. Agosti hadi Oktoba ziada ya jenereta imekuwa lita 3, lita 5 na lita 2.

Tuseme pia mipaka ya hesabu hii, ili mwakani mtu asije akaitegemea kupita uwezo wake. Kipimo cha lita 2.5 ni cha mzigo wa sasa. Kituo kikiongeza mashine kubwa, kwa mfano kiyoyozi cha chumba cha upasuaji au jiko la umeme la kuchemshia vifaa, lazima jenereta lipimwe upya, la sivyo alama nyekundu itapiga kelele bure na watu wataacha kuisikiliza. Mtu mjanja anayeiba kidogo kila jenereta linapowaka atafanana na injini iliyochoka, na hapo ni kupima tena kwa saa 4 ndiko kutakakowatofautisha: injini iliyochoka itanywa zaidi hata mbele ya mashahidi. Na anayechukua lita 3 kwa mwezi kijiti hakitamwona. Hilo tunalikubali. Kifaa cha kumwona kingegharimu zaidi ya lita hizo.

Sasa tunakuja kwenye harambee. Miaka yote mmechangia fungu linaloitwa "mafuta ya jenereta". Kwa miezi minne fungu hilo lilikuwa pia linalipia safari za rufaa za usiku, bila ninyi kuambiwa na bila bajeti. Mwaka huu tunaomba safari hizo ziwe na fungu lenye jina lake. Kwa safari nne za usiku kwa mwezi ni lita 80. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 240,000 kwa mwezi, na shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Bei hupanda na kushuka EWURA inapotangaza bei kikomo za kila mwezi, kwa hiyo tunaomba tufikishe shilingi 3,200,000. Kwa anayependa kuhesabu kwa kipimo kingine: shilingi 60,000 ni safari moja, kwenda na kurudi. Anayetoa hiyo amempeleka mtu mmoja hospitali usiku na kulirudisha gari nyumbani likamngoje mwingine.

Fungu la jenereta lenyewe linabaki kama lilivyo, kwa kuwa sasa tunajua kwamba halikuwahi kuwa pungufu. Karatasi zote za kijiti, rejista ya safari na risiti za mafuta ziko kwenye meza ya kamati hapo nyuma. Njooni mzisome, mkokotoe wenyewe. Ukiona namba isiyofunga, ituletee leo kabla hujaondoka.

Mwisho, mlinzi wetu bado yuko kazini na yuko pamoja nasi leo ukumbini. Kijiti cha asubuhi hii, kabla hajapanda basi, kilisomwa na mwenzake anayemshikia zamu: sentimita 23.